arcsin x / x na sinh x / x pale sifuri: moja unaigeuza, nyingine unaivunja

Jibu la zote mbili ni 1, hilo tulimalize mapema. x ikikaribia sifuri, arcsin x / x inaenda 1, na sinh x / x nayo inaenda 1. Kinachowasumbua watu sio jibu, ni njia ya kufika pale, maana mtu wa PCM au EGM akiona maswali mawili yana sura moja na jibu moja anaona ni swali lilelile limevalishwa nguo nyingine, basi anachukua njia iliyomtoa kwenye la kwanza anaipachika kwenye la pili, karatasi inajaa wino na hafiki popote. Kwa hiyo hapa naziweka pembeni kwa pembeni, ili ukikutana na mojawapo ujue unashika wapi.

Sharti la mchezo ni kwamba swali limesema utumie limiti zinazojulikana. Yaani unaruhusiwa kuegemea hizi mbili tu, na kila kitu kingine ukitoe humo:

```
sin t / t → 1          t → 0
(e^x − 1) / x → 1      x → 0
```

Ya kwanza inatoka kwenye jiometri ya duara, ile picha ya tao dogo lililobanwa katikati ya pembetatu mbili. Ya pili inatoka kwenye e yenyewe, na kuna walimu wanaoanza nayo kabisa kama maana ya e, yaani e ni ile namba ambayo mteremko wa e^x pale sifuri ni 1 kamili. Ukiangalia tu hizo mbili tayari nusu ya uamuzi umeshafanyika: arcsin ni ndugu wa sin kwa hiyo itadai limiti ya kwanza, sinh imetengenezwa kwa e kwa hiyo itadai ya pili. Jina linadanganya hapo, sinh ina "sin" ndani yake na watu wengi wanakimbilia sin t / t, wakati kwenye namba za kawaida haipaboliki haina duara wala pembe ndani yake.

Tuanze na arcsin

arcsin haina fomula unayoweza kuifungua. Huwezi kuiandika kwa kujumlisha na kugawanya vitu vya kawaida ukaona ndani kuna nini, kitu pekee unachokijua kuhusu arcsin ni kwamba ndiyo sin iliyorudishwa nyuma: arcsin x ni ile pembe t, kati ya −π/2 na π/2, ambayo sin yake ni x. Basi. Na kwa kuwa hicho ndicho kitu pekee unachojua, hicho ndicho utakachotumia, unabadilisha herufi.

Weka t = arcsin x, maana yake x = sin t. Sasa iandike upya:

```
arcsin x / x = t / sin t = 1 / (sin t / t)
```

Chini pale sin t / t inaenda 1, kwa hiyo nzima inaenda 1/1, umemaliza. Mistari miwili tu. Ila kuna vitu viwili vinarukwa hapa, na msahihishaji mkali anakata maksi halali yake kabisa.

Kitu cha kwanza, ulikuwa na "x inaenda sifuri" na sasa unaongelea "t inaenda sifuri", nani amekwambia t nayo inaenda sifuri? Lazima useme. Njia fupi ni kusema arcsin ni fankisheni isiyokatika pale sifuri na arcsin 0 = 0, imeisha. Kama unataka kitu cha kushika mkononi kuna hii: kwenye pembe kati ya −π/2 na π/2, ukubwa wa sin t haushuki chini ya (2/π) mara ukubwa wa t, hiyo unaiona ukichora sin halafu ukapiga mstari ulionyooka kutoka (0, 0) mpaka (π/2, 1), mkunjo wa sin unakaa juu ya mstari. Geuza hiyo uone ukubwa wa arcsin x hauzidi (π/2) mara ukubwa wa x. x ikipungua, t hana pa kukimbilia, anabanwa mpaka sifuri.

Kitu cha pili, t isiwe sifuri kabisa wakati x sio sifuri, la sivyo unakuwa umegawa kwa sifuri katikati ya hesabu. Hapa ni rahisi, t ingekuwa 0 basi x = sin 0 = 0, na tumesema x sio 0. Sentensi moja. Lakini iandike, kwa sababu kuna fankisheni ambazo zinagusa sifuri mara kwa mara njiani, na kwenye hizo kubadilisha herufi bila kukagua kunavunjika kweli.

Na huo wigo wa −π/2 mpaka π/2 sio pambo. sin 0 ni 0 lakini sin π nayo ni 0, kwa hiyo bila wigo mtu anaweza kusema t ni π, halafu t / sin t inalipuka. Wigo ndio unaomfunga t akae upande wa sifuri.

Sasa sinh

sinh ni kinyume chake kabisa, hii imekuja ikiwa wazi, fomula iko mezani:

```
sinh x = (e^x − e^(−x)) / 2
```

Hapa hakuna cha kugeuza, kuna cha kuvunja. Gawa kwa x, unapata (e^x − e^(−x)) / (2x), na jicho linatafuta (e^x − 1) / x halioni, kwa sababu ile 1 haipo. Hapo ndipo pa kukaa kidogo maana ndipo watu wanapoanguka.

Kuanguka kwenyewe kunakuwa hivi: mtu anasema sawa, nitenganishe, limiti ya e^x / (2x) kutoa limiti ya e^(−x) / (2x). Haraka haraka inaonekana halali, limiti ya tofauti ni tofauti ya limiti si ndiyo? Ndiyo, lakini pale tu ambapo kila limiti ipo yenyewe. Hapa e^x pale sifuri ni 1, chini ni kitu kinachokwenda sifuri, kwa hiyo ukija kutoka kulia kila kipande kinapanda bila mwisho, ukija kutoka kushoto kila kimoja kinashuka bila mwisho. Umebaki na infiniti kutoa infiniti, na hiyo sio sifuri, sio 1, sio kitu chochote, ni ishara tu kwamba umevunja mahali pabaya. Ukiona mtu kaandika ∞ − ∞ = 0 ujue kosa lilitokea mstari uliopita, sio huo.

Dawa ni kuleta 1 halafu kuiondoa palepale, ili kila kipande kibebe 1 yake:

```
e^x − e^(−x) = (e^x − 1) − (e^(−x) − 1)
```

Hujabadilisha kitu, −1 na +1 zinauana. Lakini sasa kila mabano yanaenda sifuri yenyewe, na gawio la kila moja kwa x lina limiti inayoeleweka. Gawa kwa 2x:

```
sinh x / x = (1/2) · [ (e^x − 1)/x + (e^(−x) − 1)/(−x) ]
```

Angalia alama kwenye kipande cha pili. Kulikuwa na kutoa mbele, na hiyo kutoa nimeipeleka chini ikawa −x, makusudi, kwa sababu limiti inayojulikana inataka kilicho kwenye mkia wa e kiwe ndicho kilicho chini. Mkia ni −x, basi chini nako kuwe −x. Kila kimoja kinaenda 1, jumla 2, nusu yake 1. Ukiacha chini x badala ya −x bila kurekebisha alama ya mbele utapata 1 kutoa 1, yaani 0, na hiyo ndiyo sifuri ninayoionaga mara nyingi zaidi kwenye swali hili.

Kuna njia nyingine ya kuivunja, mimi binafsi naipenda zaidi kwa sababu haina alama za kukutega. Toa e^(−x) nje:

```
sinh x / x = e^(−x) · (e^(2x) − 1) / (2x)
```

e^(−x) inaenda 1, na sehemu iliyobaki ni ileile limiti yetu ila badala ya x kuna 2x juu na 2x chini, zimelingana, inaenda 1. Moja mara moja. Fupi, na ile 2 ya chini iliyokuwa inaonekana kero inakuwa ndiyo inayokamilisha. Kama mtihani una haraka chukua hii, kama unataka kuelewa kwa nini sinh ni nusu ya vitu viwili vinavyovuta upande mmoja, chukua ile ya kwanza.

Kwa nini usibadilishane njia

Jaribu kwa makusudi uone. Kwenye sinh ukisema nabadilisha herufi kama kule, unaweka u = sinh x, x inakuwa ln(u + √(u² + 1)), na limiti inakuwa u juu ya hiyo logi. Umetoka kwenye fomula iliyo wazi umejifungia kwenye iliyofungwa, na sasa unahitaji limiti ya logi ambayo hukupewa. Inawezekana kumaliza, lakini umezunguka kwenda Morogoro kupitia Arusha.

Na kwenye arcsin ukitaka kuvunja badala ya kugeuza, unavunja nini? Kwenye namba za kawaida hakuna cha kuvunja. Ipo fomula ya namba changamano, arcsin x = −i · ln(ix + √(1 − x²)), na ipo pia sinh x = −i · sin(ix), ambayo inafanya sinh x / x iwe sin(ix) / (ix) na unaona ghafla kwamba hizi mbili kweli ni familia moja. Ni nzuri kuijua. Ila sin t / t uliyopewa ilithibitishwa kwa pembe za kawaida, picha ya duara haisemi chochote kuhusu pembe ix, kwa hiyo ukiitumia hapo unaazima kitu ambacho hujalipia bado.

Basi ukitaka kanuni ya kuchagua ni hii: je, fankisheni imefika kwako kama kinyume cha nyingine, au imefika kama fomula? arcsin, arctan, ln, arsinh, hizi ni za kugeuza herufi. sinh, tanh, a^x, hizi ni za kufungua na kupanga. arctan x / x kwa mfano inakwenda njia ileile ya arcsin, t / tan t = (t / sin t) · cos t, moja mara moja.

Na Lopitali je?

Najua kuna mtu anasubiri hapa. Kanuni ya L'Hôpital inazimaliza zote kwa mstari mmoja: diferenshieti juu, diferenshieti chini. Kwa arcsin juu inakuwa 1/√(1 − x²), kwa sinh juu inakuwa cosh x, chini zote 1, weka x = 0 unapata 1 na 1. Kwa kasi haina mpinzani, na kama swali limesema tu "tafuta limiti" itumie uende zako.

Tatizo linakuja swali likisema kutoka limiti zinazojulikana. Angalia vizuri arcsin x / x ni kitu gani: ni (arcsin x − arcsin 0) / (x − 0). Yaani limiti yake ndiyo mteremko wa arcsin pale sifuri, kwa maana yake ya msingi kabisa. Ukitumia Lopitali unaingiza mteremko wa arcsin ili kupata mteremko wa arcsin. sinh vilevile. Na huo mteremko 1/√(1 − x²) ulipatikana kupitia mteremko wa sin, ambao ulipatikana kupitia sin t / t. Kwa arcsin mzunguko ni mrefu kidogo ndiyo maana hauonekani, kwa sinh ni mfupi, cosh x inatoka moja kwa moja kwenye mteremko wa e^x ambao wenyewe ni (e^x − 1) / x. Sio kwamba jibu litakuwa baya, jibu ni lilelile, ila hujathibitisha kitu, umerudia tu ulichopewa kwa sauti nyingine.

Zinaenda 1 kwa mwendo gani

Hapa ndipo ulinganisho unanoga. Angalia namba:

```
x        arcsin x / x     sinh x / x
1        1.5708           1.1752
0.5      1.04720          1.04219
0.1      1.0016742        1.0016675
0.01     1.00001667       1.00001667
```

Pale x = 1 ziko mbali, arcsin imefika mwisho wa uwanja wake (haiendi zaidi ya 1, inaishia π/2) wakati sinh ndiyo kwanza inaanza safari yake ya kupanda bila kikomo. Lakini shuka mpaka 0.1, zinafanana mpaka tarakimu ya nne baada ya nukta, na kwenye 0.01 huwezi kuzitofautisha kwa tarakimu nane. Hiyo sio bahati. Ukizifungua kama mfululizo:

```
arcsin x = x + x³/6 + 3x⁵/40 + ...
sinh x   = x + x³/6 + x⁵/120 + ...
```

x³/6 zote mbili, kumbe! Zinaanza kuachana kwenye x⁵, moja ina 3/40 ambayo ni 9/120, nyingine 1/120, tofauti 8/120 yaani 1/15. Kwa hiyo (arcsin x − sinh x) / x⁵ inaenda 1/15, unaweza kuijaribu kwa x = 0.1: tofauti ya magawio pale juu ni kama 0.0000067, gawa kwa x⁴ ambayo ni 0.0001 unapata 0.067, na 1/15 ni 0.0667.

Na huo ndio mpaka wa limiti zinazojulikana. Zinakwambia kila moja inaenda 1, kwa hiyo tofauti ya magawio inaenda 0, na haziwezi kukwambia zaidi. Mtu akikupa (arcsin x − x) / x³ halafu ukasema "si arcsin x ni sawa na x tu karibu na sifuri, basi juu ni sifuri, jibu sifuri", umekosa, jibu ni 1/6. Kubadilisha arcsin x kwa x kunaruhusiwa ikiwa imezidishwa au imegawanywa, hapo gawio lake na x ni 1 na 1 haiharibu kitu. Kwenye kujumlisha na kutoa hapana, kwa sababu kinachobaki baada ya kutoa ndicho kile kidogo ulichokitupa. Kwenye maswali ya namna hiyo acha limiti hizi mbili, chukua mfululizo, na hata Lopitali pale kwenye x⁵ itabidi uipige mara tano, arcsin ukiidiferenshieti mara tano utajuta.

Kama unataka kujua umekosea kwa kiasi gani bila mfululizo, kuna mabano mazuri ya kubana. Kwa x kati ya 0 na 1, arcsin x / x iko juu ya 1 na chini ya 1/√(1 − x²), hiyo inatoka kwenye cos t < sin t / t < 1 ukiigeuza juu chini. Na sinh x / x iko juu ya 1 na chini ya cosh x. Pale 0.1 dari la kwanza ni 1.00504 na la pili ni 1.00500, yaani hata kabla ya kubonyeza chochote unajua majibu yote mawili hayawezi kuzidi 1 kwa zaidi ya kama nusu ya asilimia.

Mfano unaozichanganya

Tuchukue moja inayozikutanisha: limiti ya arcsin 3x / sinh 5x, x ikienda sifuri. Usishike zote kwa pamoja. Mpe kila mmoja mwenzake wa chini:

```
arcsin 3x     arcsin 3x      5x       3x
---------  =  ---------  · -------- · ----
 sinh 5x         3x        sinh 5x     5x
```

Cha kwanza kinaenda 1 (ndani ni 3x na chini ni 3x), cha pili ni sinh iliyopinduliwa nacho kinaenda 1, cha tatu x zinakatana inabaki 3/5. Jibu 3/5. Kosa la kawaida ni kugawa arcsin 3x kwa x halafu kusema inaenda 1, hapana, inaenda 3, kilicho ndani na kilicho chini lazima vifanane kabisa. Hakikisha kwa namba: x = 0.01, arcsin 0.03 ni 0.0300045, sinh 0.05 ni 0.0500208, gawio 0.59984. Inakwenda 0.6, sawa.

Kalkuleta na kompyuta

Hapa kuna tofauti ambayo wengi hawaitegemei. Kalkuleta ikiwa kwenye digrii, arcsin inaharibika na sinh haiharibiki. Bonyeza sin⁻¹ 0.01 kwenye digrii unapata 0.57297, gawa kwa 0.01 unapata 57.297, na ukiendelea kushusha x inatulia kwenye 57.2958 ambayo ni 180/π. Ukiona 57 na pointi kwenye swali la limiti, sio hesabu yako iliyokosea, badilisha hali ya kalkuleta iwe radiani. sinh inayopatikana kwa kitufe cha hyp haijali, kwa sababu x yake sio pembe, na ndio ushahidi mwingine kwamba sinh haina uhusiano na sin t / t ya duara. Halafu ile −1 ya juu kwenye sin⁻¹ ni alama ya kinyume, sio moja juu ya sin. Mtu aliyeisoma kama 1 / sin x anakuwa na 1 / (x sin x), na hiyo inapaa bila mwisho, kwa hiyo jibu lako likiwa infiniti kagua hapo kwanza.

Kwenye kompyuta mambo yanageuka, anayeharibika anakuwa sinh, tena kwa kosa lilelile la kuvunja pabaya. Mtu akiandika fomula ya sinh kama ilivyo kwenye daftari:

```python
from math import exp, expm1, asin
x = 1e-16
print(asin(x) / x)                          # 1.0
print((exp(x) - exp(-x)) / (2*x))           # 0.5551115123125783
print((expm1(x) - expm1(-x)) / (2*x))       # 1.0
```

Mstari wa pili unatoa 0.555, na ukishusha x iwe 1e-17 unatoa 0.0 kabisa. Limiti haijabadilika, kilichotokea ni kwamba namba za kompyuta karibu na 1 zina nafasi kati yao, kama 2.2e-16 upande wa juu na 1.1e-16 upande wa chini, kwa hiyo e^x inazungushwa inakuwa 1 tupu, e^(−x) inarukia namba ya jirani chini ya 1, na tofauti unayopata ni ukubwa wa hiyo nafasi, sio sinh yako. Hata kabla hujafika huko, kwenye 1e-10 fomula hiyo inatoa 1.00000008274 wakati jibu sahihi linaanza kuachana na 1 kwenye tarakimu ya 21. arcsin haipati shida hii kwa sababu haitoi namba kubwa mbili zinazokaribiana.

Mstari wa tatu ndio unaotengeneza, na ukiangalia expm1 ni nini utacheka: ni e^x − 1, imehesabiwa kwa pamoja bila kupitia 1. Ni ileile −1 tuliyoiingiza kwa kalamu ili kukwepa infiniti kutoa infiniti, na imewekwa sehemu ileile.